Thamani na vekta aigeni za matriksi ya kwenye picha, kuanzia mlinganyo bainifu

Mtu anatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Ni ubao uliopigwa kwa pembeni, au ukurasa wa daftari wenye kivuli cha mkono, na katikati yake kuna matriksi ya mbili kwa mbili. Anaomba atafutiwe thamani aigeni na vekta aigeni zake. Baada ya muda majibu yanaanza kuingia, nayo hayafanani. Ukiyachunguza, mara nyingi utakuta waliojibu wamekokotoa vizuri, ila kila mmoja amekokotoa matriksi yake: huyu hakuiona alama ya kutoa, yule amesoma 7 mahali pa 1.

Hesabu ya matriksi ya mbili kwa mbili ni fupi, na ndani yake mna njia nzuri za kugundua kwamba namba fulani imesomwa vibaya. Kuna kosa moja la kusoma, hata hivyo, ambalo mlinganyo bainifu hauwezi kulionyesha kabisa. Nitalifikia mbele.

Mlinganyo bainifu unatoka wapi

Vekta aigeni ni vekta isiyo sifuri ambayo, ukiizidisha na matriksi A, inabaki kwenye mstari wake uleule. Inaweza kurefuka, kufupika au kugeuka upande wa pili, lakini haitoki kwenye mstari huo. Namba inayosema imerefuka mara ngapi ndiyo thamani aigeni, nasi huiandika kwa herufi λ, lamda.

```
A v = λ v
(A − λI) v = 0
```

I ni matriksi yenye 1 kwenye ulalo mkuu, yaani kutoka juu kushoto hadi chini kulia, na 0 kwingine. Mstari wa pili unasema kwamba matriksi (A − λI) inaipeleka vekta isiyo sifuri hadi sifuri. Matriksi inayoweza kufanya hivyo haina kinyume, na matriksi isiyo na kinyume ina determinanti ya sifuri. Hapo ndipo mlinganyo bainifu unapozaliwa:

```
det(A − λI) = 0
```

Tukiziita namba nne za matriksi a na b kwa mstari wa juu, c na d kwa mstari wa chini, mlinganyo huo unakuwa (a − λ)(d − λ) − bc = 0. Fungua mabano, panga, na utapata hivi:

```
λ² − (a + d)λ + (ad − bc) = 0
```

Mlinganyo huu unafaa kukaa kichwani. Namba ya katikati ni jumla ya ulalo mkuu, yenye alama ya kutoa mbele yake. Namba ya mwisho ni determinanti ya matriksi. Angalia pia kwamba λ inaondolewa kwenye a na d tu. Wanaoanza huiondoa kwenye namba zote nne, na wakifanya hivyo λ² zinafutana na mlinganyo unabaki bila kipeo cha pili. Ukiona λ² imetoweka, rudi hapo.

Kusoma picha kabla ya kushika kalamu

Tuchukue picha moja tuifuate hadi mwisho. Ni ukurasa wa daftari lenye mistari, mwandiko wa kalamu ya bluu, na matriksi yenyewe ni hii:

```
A = [ 4  −2 ]
    [ 1   1 ]
```

Nimekuandikia ilivyo, lakini kwenye picha mambo mawili hayakuwa wazi. La kwanza ni alama ya kutoa iliyo mbele ya 2: ilikuwa imelala juu kabisa ya mstari wa daftari. La pili ni 1 ya chini kulia, iliyoandikwa na mkia mdogo juu, hivyo ikafanana na 7.

Kuhusu alama ya kutoa, kuza picha utazame ncha zake. Mstari wa daftari unaendelea kushoto na kulia, unapita nyuma ya namba na nje ya mabano. Alama ya kutoa inaanza na kuishia kabla ya namba, na ina rangi ya kalamu. Ikiwa ukurasa una alama nyingine ya kutoa iliyo wazi, linganisha urefu wao, kwa sababu mtu mmoja huandika alama hiyo kwa urefu unaokaribiana. Programu za simu zinazoigeuza picha kuwa nyeupe na nyeusi kama iliyopigwa kopi huwa na tabia ya kufuta mistari myembamba, na alama ya kutoa ni ya kwanza kuondoka. Ukipokea picha ya namna hiyo, omba ile ya mwanzo.

Kuhusu 1 na 7, tafuta namba hizo mahali pengine kwenye ukurasa: tarehe, namba ya swali, namba ya ukurasa. Mwandishi anayeweka kijistari katikati ya 7 yake atakuwa amekiweka popote.

Angalia na mabano. Mistari miwili iliyonyooka pande zote, | |, ina maana ya determinanti, ambayo ni namba moja tu na haina vekta aigeni. Mabano ya mraba au ya duara ndiyo yanayoonyesha matriksi. Bano la mraba lililoandikwa haraka hupoteza pembe zake likaonekana kama mstari ulionyooka, na hapo maneno ya swali ndiyo yatakayoamua.

Ukishasoma, andika matriksi yako upya, mahali pasafi, na uitume pamoja na jibu. Aliyeuliza ataona mara moja kama umesoma alichokusudia.

Kuandika mlinganyo na kuutatua

Jumla ya ulalo mkuu ni 4 + 1 = 5. Determinanti ni (4)(1) − (−2)(1) = 4 + 2 = 6. Hapa pana kutoa mara mbili, na ndipo wengi wanapopata 2 badala ya 6. Weka −2 ndani ya mabano yake kila mara, hata kama unaona ni kazi ya bure.

```
λ² − 5λ + 6 = 0
(λ − 2)(λ − 3) = 0
λ = 2  au  λ = 3
```

Hakiki palepale: 2 + 3 = 5, sawa na jumla ya ulalo; 2 × 3 = 6, sawa na determinanti. Uhakiki huu unaonyesha kwamba umeutatua mlinganyo wako vizuri. Hausemi lolote kuhusu picha.

Namba zinapotoka mbaya, na zinapotoka nzuri kwa kudanganya

Ukitumia kanuni ya jumla ya milinganyo ya kipeo cha pili, chini ya alama ya kipeuo kuna namba ambayo nitaiita D. Ni (a + d)² − 4(ad − bc). Ukiifungua na kuipanga, inakuwa hivi:

```
D = (a − d)² + 4bc
```

Umbo hili lina faida kubwa kwa mtu anayesoma picha, kwa sababu linaonyesha kila namba inaingia wapi. Kwa matriksi yetu, D = 3² + 4(−2)(1) = 9 − 8 = 1. Kipeuo cha pili cha 1 ni 1, na ndiyo maana majibu yametoka namba kamili.

Sasa jaribu kusoma vibaya. Ukiipoteza alama ya kutoa, b inakuwa 2, na D = 9 + 8 = 17. Thamani aigeni zinakuwa (5 + √17)/2 na (5 − √17)/2. Zoezi la mwaka wa kwanza linalotakiwa kufanywa kwa mkono kwa kawaida huwa limetungwa litoe namba nyepesi, kwa hiyo √17 ni sababu ya kurudi kwenye picha na kuikuza tena. Ni sababu ya kurudi tu. Wapo walimu wanaotoa mazoezi yenye vipeuo makusudi, na matriksi iliyotoka kwenye vipimo halisi vya maabara haina wajibu wa kutoa namba nzuri.

Ukisoma 9 badala ya 4 pale juu kushoto, D = 8² − 8 = 56, si mraba kamili, nawe utashtuka. Vizuri.

Lakini soma ile 1 ya chini kulia kama 7. Sasa a − d = 4 − 7 = −3, na mraba wake ni 9 kama mwanzo. D inabaki 1. Jumla ya ulalo ni 11, determinanti ni 28 + 2 = 30, mlinganyo ni λ² − 11λ + 30 = 0, na majibu ni 5 na 6. Namba kamili, safi, zimehakikiwa kwa jumla na kwa kuzidisha, na zote mbili si jibu la swali lililoulizwa. Kwa hiyo tumia D hivi: ikitoka mbaya, ni sababu ya kutilia shaka usomaji wako, ikitoka nzuri, haijathibitisha chochote.

Ile D inaonyesha jambo jingine. Haiwezi kuwa hasi ila b na c zikiwa na alama zinazopingana, kwa sababu (a − d)² haiwi hasi kamwe. Ukipata D hasi wakati b na c zako zote ni chanya, usiilaumu picha. Umekosea kujumlisha.

Kuna picha ambazo zimebeba msaada wake wenyewe. Mara nyingi pembeni au chini ya matriksi mwalimu ameshaandika mstari unaofuata, tuseme λ² − 5λ + 6. Basi hata kama b imefunikwa kabisa na mwanga wa taa, unaweza kuipata: ulalo unatoa 5, kwa hiyo 4 na 1 zimesomwa sawa; determinanti lazima iwe 6, kwa hiyo 4 − b(1) = 6, na b = −2. Namba moja isiyosomeka hurudishwa na mlinganyo, mradi namba inayozidishwa nayo isiwe sifuri. Zikiwa mbili zisizosomeka, b na c pamoja, utajua tu zao lake bc, na hapo hakuna njia ila kuuliza.

Kutoka thamani hadi vekta

Chukua thamani moja moja, uirudishe kwenye (A − λI). Kwa λ = 2:

```
A − 2I = [ 2  −2 ]
         [ 1  −1 ]
```

Simama kidogo uitazame kabla ya kuendelea. Mstari wa juu ni mara mbili ya mstari wa chini. Lazima iwe hivyo: mstari mmoja uwe mwingine uliozidishwa na namba fulani, kwani ndivyo determinanti inavyokuwa sifuri. Mistari ikikataa kulingana, thamani uliyoweka si thamani aigeni ya matriksi hiyo, na hakuna haja ya kutafuta vekta. Wanaolazimisha hapa hupata x = 0, y = 0, wakaandika vekta sifuri kama jibu. Vekta sifuri si vekta aigeni hata siku moja.

Mistari ikilingana, mmoja unatosha. Mstari wa chini unasema x − y = 0, yaani x = y. Chagua y = 1, na vekta ni (1, 1).

Kwa λ = 3:

```
A − 3I = [ 1  −2 ]
         [ 1  −2 ]
```

Mistari ni sawa kabisa. x − 2y = 0, x = 2y, chagua y = 1, na vekta ni (2, 1).

Njia ya mkato ipo: mstari ukiwa na namba p na q, vekta (q, −p) inauridhisha, kwa sababu pq − qp = 0. Kwa mstari wa 1 na −2 utapata (−2, −1), ambayo ni (2, 1) iliyogeuzwa. Zote ni sahihi. Kosa linalotokea sana ni kuuchukua mstari wenyewe, (1, −2), na kuuita vekta. Kama mstari uliouchagua ni wa sifuri zote mbili, tumia ule mwingine.

Rafiki yako akiandika (−1, −1), au (5, 5), au (1/√2, 1/√2), hamjatofautiana. Kila namba isiyo sifuri unayoizidishia vekta aigeni inakupa vekta aigeni ya thamani ileile. Kinachopaswa kufanana ni uwiano wa x kwa y.

Uhakiki wa mwisho unafanywa na picha

Funga daftari lako, fungua picha, na uzidishe vekta zako na namba unazoziona pale, mstari kwa mstari.

```
mstari wa juu:   4(2) + (−2)(1) = 6
mstari wa chini: 1(2) + 1(1)    = 3
```

(6, 3) ni 3 × (2, 1). Na kwa (1, 1), mstari wa juu unatoa 4 − 2 = 2, wa chini 1 + 1 = 2, yaani 2 × (1, 1). Imekubali.

Sababu ya kusisitiza picha ni hii. Tuseme ulinakili haraka ukaandika safu ya kushoto kama mstari wa juu. Sasa b na c zimebadilishana mahali:

```
[  4  1 ]
[ −2  1 ]
```

Jumla ya ulalo ni 5. Determinanti ni 4 + 2 = 6. D ni 1. Mlinganyo bainifu ni uleule, herufi kwa herufi, na thamani ni 2 na 3 zilezile, kwa sababu b na c zinaingia kwenye mlinganyo kwa zao lake tu. Hata mwenye jibu la kitabu atakuambia thamani zako ziko sawa. Lakini vekta si zile. Kwa λ = 2 utapata (1, −2), na kwa λ = 3 utapata (1, −1). Ukihakiki kwa matriksi uliyoinakili vibaya, kila kitu kitakubali. Ukihakiki kwa namba za picha, (1, −1) inatoa 4 + 2 = 6 juu na 1 − 1 = 0 chini. (6, 0) hailali kwenye mstari wa (1, −1), na kosa liko wazi.

Vivyo hivyo ukipoteza alama mbili za kutoa kwa pamoja, moja kwenye b na moja kwenye c: zao lake halibadiliki, thamani hazibadiliki, vekta zinabadilika. Kwa hiyo mtu akikuambia "thamani nimepata ila vekta zinakataa", anza kwa kutazama namba mbili zilizo nje ya ulalo mkuu.

Ukitaka kuhakiki kwa kompyuta

Kwa Python yenye NumPy, mistari hii inatosha:

```
import numpy as np
A = np.array([[4, -2], [1, 1]])
w, V = np.linalg.eig(A)
print(w)
print(V)
```

Kwenye w utaona 2 na 3. Kwenye V vekta zimefupishwa ziwe na urefu wa 1, kwa hiyo utaona desimali kama 0.7071, 0.8944 na 0.4472, pengine zenye alama ya kutoa. Vekta ziko kwenye safu za wima za V, hazisomwi kwa mlalo: vekta ya thamani ya kwanza ni V[:, 0]. Anayesoma kwa mlalo atachanganya nusu ya vekta moja na nusu ya nyingine. Gawanya namba ya juu ya safu kwa ya chini. 0.7071 kwa 0.7071 ni 1, na 0.8944 kwa 0.4472 ni 2, uwiano uleule wa (1, 1) na (2, 1).

D ikiwa sifuri, na ikiwa hasi

Hali hizi mbili huwafanya watu wadhani wamesoma vibaya hata pale ambapo wamesoma vizuri.

D ikiwa sifuri, thamani ni moja iliyojirudia. Mfano ni matriksi yenye 4 na −1 juu, 1 na 2 chini: D = 2² − 4 = 0, jumla ya ulalo ni 6, thamani ni 3 tu. Ukiondoa 3 kwenye ulalo, mistari yote miwili inakuwa 1 na −1, na vekta ni (1, 1). Ya pili iliyo kwenye mstari mwingine haipo. Usiitafute, na usiandike (2, 2) kujaza nafasi. Matriksi ya mbili kwa mbili inakuwa na thamani iliyojirudia pamoja na vekta za pande zote pale tu inapokuwa namba ileile kwenye ulalo na sifuri nje yake.

D ikiwa hasi, na b na c zina alama zinazopingana kweli, thamani ni namba changamano. Kwa matriksi yenye 1 na −2 juu, 1 na 3 chini, D = 4 − 8 = −4, na thamani ni 2 + i na 2 − i. Vekta zinatafutwa kwa njia ileile. Kwa 2 + i, mstari wa chini wa (A − λI) ni 1 na 1 − i. Chagua y = 1, na x = −1 + i. Mistari miwili haitaonekana kulingana kwa macho, lakini zidisha mstari wa chini kwa −1 − i: namba ya kwanza inakuwa −1 − i, na ya pili, kwa kuwa (1 + i)(1 − i) = 2, inakuwa −2. Huo ndio mstari wa juu. Vekta ya 2 − i huna haja ya kuitafuta upya. Namba za matriksi zikiwa halisi, geuza alama ya i, na jibu ni (−1 − i, 1).